Somo la Karakana: Kukunja Flatibaa Bila Moto ili Kupata Breketi za Rafu Zenye Pembe Sawa

Somo la robo hii linatoka kwenye karakana ya kikundi cha vijana cha usharika mmojawapo, na limetokana na kosa ambalo sisi wa ofisi ya miradi tulishiriki kulifanya.

Kamati ya usharika huo iliomba rafu 8 kwa ajili ya stoo ya shule ya chekechea. Kila rafu ilikuwa ubao wa mita 1.5 juu ya breketi 3, hivyo zilihitajika breketi 24. Vijana walinunua flatibaa, yaani pau bapa za chuma, wakazikata na kuzikunja kwa nyundo kwenye jiliwa, lile ambalo mafundi wengi huliita vaisi. Tulifika kukagua, tukaona breketi zimepakwa rangi vizuri na zimepangwa mstari, tukasaini. Hatukushika hata moja mkononi. Wiki mbili baadaye mwalimu alitupigia simu kwamba rafu zinacheza na ubao mmoja umeshainamia mbele.

Tuliporudi na kuzishusha tulikuta kwamba hakuna breketi mbili zilizofanana. Nyingine ilikuwa na pembe ya digrii 87, nyingine 90, nyingine 93. Tofauti hizo kwa macho ni ndogo, lakini kwenye mkono wa breketi wenye urefu wa milimita 220, kila digrii moja hupandisha au kushusha ncha karibu milimita 4. Kwa hiyo kati ya breketi ya digrii 87 na ile ya 93, ncha zilitofautiana kwa zaidi ya milimita 20. Ubao hauwezi kulala juu ya ncha za namna hiyo. Unalala juu ya mbili zilizo juu, na ya tatu haibebi kitu mpaka ubao upinde. Maana yake ni kwamba mzigo uliokusudiwa kugawanywa kwa breketi tatu ulikuwa unabebwa na mbili, na skrubu za hizo mbili ndizo zilizoanza kulegea ukutani.

Tulimwomba fundi mmoja mzee, aliyefanya kazi ya chuma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, aje akae na vijana siku mbili. Mengi tunayoandika hapa tumeyaona mikononi mwake, na mengine tumeyapima wenyewe baadaye.

Chuma gani, na unene gani

Chuma kinachofaa kukunjwa bila moto ni kile laini cha kawaida, cheusi, kinachouzwa madukani katika pau za mita 6. Sisi tulitumia cha upana wa milimita 30 na unene wa milimita 5. Vijana awali walitaka cha unene wa milimita 3 kwa sababu ni rahisi kukunja na bei yake ni ndogo. Hapo yafaa kamati ijue jambo moja: ukiongeza upana wa pau mara mbili, ugumu wake wa kutopinda unaongezeka mara mbili tu, lakini ukiongeza unene mara mbili, ugumu huo unaongezeka mara nane. Kwa hiyo fedha ya kuongeza itumike kwenye unene, si kwenye upana.

Chuma chakavu kitazamwe kwa uangalifu. Kijana mmoja alileta kipande cha springi ya gari akidhani kitakuwa imara zaidi. Ni imara kweli, ila kimefanywa makusudi ili kisikunjike, na ukikilazimisha bila moto kinaweza kukatika ghafla na kumrukia mtu. Mzee alikiweka kando bila kusema neno. Chuma kilichopakwa zinki nacho hukunjika, lakini zinki hupasuka na kubanduka nje ya kona, na kutu huanzia hapo.

Chuma kinafanya nini kinapokunjwa

Ukikunja flatibaa, upande wa nje wa kona unavutwa na kurefuka, na upande wa ndani unabanwa na kufupika. Katikati kuna sehemu isiyorefuka wala kufupika. Mambo mawili yanatokana na hilo, na yote mawili yalikuwa yamewaponyoka vijana wetu.

La kwanza ni kwamba chuma hakibaki pale ulipokiacha. Ukikikunja mpaka digrii 90 na kukiachia, kinafunguka kidogo, kama mtu aliyeinama anavyonyoosha mgongo. Kwa chuma hiki laini, chenye kona iliyobana, kufunguka huko ni digrii moja au moja na nusu hivi. Pau kutoka kiwanda kingine inaweza kufunguka zaidi au pungufu. Ndiyo sababu tunashauri breketi zote za kazi moja zitoke kwenye pau zilizonunuliwa pamoja, na pau ya nyongeza ikinunuliwa mwezi unaofuata, ijaribiwe upya.

La pili ni vipimo. Mtu akitaka breketi yenye mkono wa milimita 220 na mguu wa milimita 150, anajumlisha na kukata milimita 370. Akishakunja anakuta mikono imezidi. Kona haitumii chuma chote anachodhani inatumia, kwa sababu haizunguki kwa ukali kama kona ya boksi bali inakata njia ya mkato. Badala ya kuwachosha wasomaji kwa hesabu, tueleze jaribio ambalo Mzee aliwafanyisha vijana. Walichukua kipande kilichobaki cha milimita 176, wakakiacha milimita 90 juu ya taya za jiliwa, na milimita 86 chini. Walipokikunja na kupima kwa nje, mkono wa juu ulikuwa milimita 93, na ule wa chini, uliokuwa ndani ya jiliwa, ulikuwa milimita 91. Jumla ikawa 184. Kona ilikuwa imewapa milimita 8.

Kwa chuma hiki na kona hii basi, kanuni ni nyepesi: kilichosimama juu ya taya kitaongezeka milimita 3, na kilichobanwa chini kitaongezeka milimita 5. Breketi yetu ya 220 kwa 150 ikatwe milimita 362, isimamishwe 217 juu, na 145 zibaki chini. Ukibadili unene wa chuma au ukali wa kona, namba hizo zitabadilika, nawe itakubidi uharibu kipande kimoja kuzijua. Ni gharama ndogo.

Kwenye pau ya mita 6 zinatoka vipande 16 vya milimita 362, ukihesabu na milimita 2 zinazoliwa na msumeno kila mkato, na kinabaki kipande cha milimita 176 cha majaribio. Breketi 24 zinataka pau 2, na vipande 8 vya ziada vinabaki kwa kazi nyingine. Lakini pau ipimwe dukani kabla ya kulipa. Ikiwa na mita 5.8 tu, kipande cha kumi na sita hakitatoka.

Kuandaa jiliwa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo Mzee alipotumia asubuhi nzima ya siku ya kwanza huku vijana wakingoja kwa hamu kupiga nyundo. Mmoja aliuliza, "Mzee, tutaanza saa ngapi?" Akajibiwa, "Tumeshaanza, mjukuu wangu. Hii ndiyo kazi. Kukunja ni dakika mbili."

Taya za jiliwa letu, kama za karakana nyingi, zilikuwa zimeliwa. Ukingo wa juu ulikuwa mviringo katikati, ambako watu wamepiga kwa miaka, na bado mkali pembeni. Breketi iliyokunjwa katikati ilipata kona pana, na iliyokunjwa pembeni ilipata kona kali. Hiyo peke yake ilitosha kutofautisha pembe na urefu. Isitoshe, meno ya taya yanaacha makovu kwenye chuma.

Dawa yake ilikuwa vipande viwili vya chuma cha pembe, kile mafundi wanachokiita engo, vyenye urefu sawa na upana wa taya. Kila kimoja kinavalishwa taya yake kama kofia: ubawa mmoja unashuka ndani mbele ya taya, na ubawa wa pili unalala juu ya taya. Flatibaa inabanwa katikati ya mbawa zile mbili zinazoshuka, na inakunjwa juu ya kona ya engo. Kona hiyo inaondolewa ukali kwa tupa mpaka iwe na mviringo mdogo wa milimita 3, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiachwa kali mno, inakata chuma kwa ndani na kudhoofisha breketi pale pale inapobeba. Kabla ya kuvalisha, engo zipimwe kwa skwea, kwa kuwa nyingine hutoka dukani zikiwa si digrii 90 kamili.

Ubawa ule uliolala juu ya taya una faida kubwa kuliko kulinda taya. Flatibaa inapokunjwa mpaka kulala juu yake, haiwezi kwenda zaidi. Kila breketi inafika mahali pale pale, hata kama anayekunja leo ana nguvu kuliko wa jana. Kisha inapoachiliwa, inafunguka digrii ile moja au moja na nusu, nayo inatoka ikiwa na digrii 91 hivi.

Msomaji atauliza kwa nini tusitafute 90 kamili. Tuliuliza vivyo hivyo. Breketi hizi mguu wake uko ukutani chini ya ubao, na mkono unabeba ubao kwa juu. Mzigo ukiwekwa, ncha inashuka na pembe inajifunga. Tulifunga breketi moja ukutani na kuning'iniza ndoo ya lita 20 ya maji katikati ya mkono wake. Ncha ilishuka kama milimita 5, na maji yalipomwagwa ikarudi ilipokuwa. Breketi iliyoanza na 91, ambayo ncha yake imeinuka milimita 4, inakuwa karibu sawa kabisa inapobeba. Iliyoanza na 90 inainamia mbele, na iliyoanza na 89 inamwaga vitu. Kwa hiyo kule kufunguka kwa chuma, ambako vijana walikuwa wakipambana nako kwa nyundo, kulikuwa kunawasaidia.

Kuna tatizo moja ambalo halionekani mpaka ulifikie. Mguu wa milimita 145 ukishushwa katikati ya taya unagonga mhimili wa jiliwa uliopita chini, ule wenye skrubu. Inakulazimu kubana pembeni, mahali ambapo mguu unaweza kupita kando ya mhimili. Lakini jiliwa likibana kitu upande mmoja tu, taya ya mbele inakaa upogo, chuma kinashikwa kwa ukingo tu na kinateleza unapokikunja. Tibu hilo kwa kuweka kipande kifupi cha flatibaa ile ile upande wa pili wa taya. Kwa kuwa unene ni mmoja, taya zinabaki sambamba na kushika kwa nguvu sawa. Vijana walikitoboa kipande hicho na kukifunga kwa waya kwenye jiliwa ili kisianguke kila mara.

Kukata, kutoboa, na mahali pa kuchora

Vipande vyote vikatwe kwanza, kisha vipangwe pamoja vikisimama juu ya meza ili kuona kama kimoja kimezidi. Kingo zilizokatwa zilainishwe kwa tupa, hasa zile pande mbili nyembamba pale kona itakapokuwa. Mkwaruzo au meno yaliyoachwa na msumeno upande wa nje wa kona ndiyo mahali ufa unapoanzia. Kwa sababu hiyo hiyo usichore mstari wa kukunjia kwa ncha kali upande wa nje.

Sisi tuliacha kabisa kuchora mistari. Mzee alikata kijiti cha mbao ngumu chenye milimita 217 kamili, akakisimamisha juu ya ubawa wa engo kando ya flatibaa. Flatibaa inapandishwa au kushushwa mpaka ncha yake ilingane na kichwa cha kijiti, ndipo jiliwa linakazwa. Kijiti hakichoki na hakisahau. Mstari wa chaki una unene wa milimita 2, na kila kijana anauweka juu, chini au katikati ya ukingo wa taya apendavyo. Kabla ya kukaza kabisa, skwea iwekwe juu ya ubawa na kuegemezwa kwenye ukingo mwembamba wa flatibaa kuona kama imesimama wima. Ikilala upande hata kidogo, mikono miwili ya breketi haitakuwa kwenye mstari mmoja, na kosa hilo ni gumu kulirekebisha kuliko pembe.

Matundu ya skrubu ni rahisi kutoboa chuma kikiwa bado kimenyooka. Ila tundu lisikaribie kona, kwa sababu chuma hukunjika pale kilipo dhaifu, na kona itaifuata tundu. Sisi tuliweka tundu la juu la mguu milimita 25 kutoka kwenye kona. Hatukulishusha zaidi kwa sababu skrubu ya juu ndiyo inayovutwa kutoka ukutani, na kadiri inavyokuwa mbali na mwisho wa chini wa mguu ndivyo inavyovutwa kwa nguvu ndogo. Tundu liwe la kutosha skrubu tu. Kila milimita ya ziada inaondoa chuma mahali breketi inapochoka zaidi.

Kukunja

Kukunja kwenyewe hakuhitaji nyundo mpaka mwisho. Kwa chuma hiki, kilo 25 hivi kwenye ncha ya mkono wa milimita 220 zinatosha kuanza kukikunja, na ukiongeza urefu kwa bomba unakunja kwa mkono mmoja. Vijana walichukua kipande cha bomba la maji la nusu mita, wakalibonda bapa mpaka likaivaa flatibaa bila kucheza. Linavalishwa mpaka karibu na taya, likiacha kama milimita 30 juu ya engo. Sababu ni hii: ukivuta kutoka kwenye ncha bila bomba, chuma chote kinajipinda kama upinde wa mshale, na mkono unatoka na tumbo. Bomba linauweka mkono ukiwa umenyooka, na mkunjo unabaki chini ambako unatakiwa.

Sukuma kuelekea taya ya nyuma, ile isiyotembea. Ukisukuma kuelekea ya mbele, nguvu yote inaishia kwenye skrubu ya jiliwa. Sukuma kwa mwendo mmoja, polepole, bila kushtua, mpaka mkono ukaribie kulala. Hapo toa bomba, weka kipande cha mbao ngumu juu ya flatibaa karibu kabisa na kona, na upige nyundo juu ya mbao mapigo mawili au matatu mpaka chuma kilale kwenye ubawa. Nyundo ikipiga chuma moja kwa moja inaacha mashimo, na ikipiga mbali na kona inarudisha lile tumbo.

Miguu iwe thabiti na vidole visiwe chini ya mkono unaoshuka. Meza yenye jiliwa ifungwe sakafuni au ukutani. Yetu haikufungwa, na pigo la kwanza liliisogeza na kumkanyaga kijana. Tangu hapo imefungwa.

Kupima, na kurekebisha kilichokosewa

Usipime kwa jicho wala kwa kuweka breketi moja juu ya nyingine zikiwa mkononi. Tulitengeneza ubao wa kipimo. Kwenye ubao ulionyooka tulipigilia kipapi kimoja cha mguu kuegemea, na kutoka kwenye kona tukachora mstari wa digrii 90. Tuliuhakikisha kwa njia waliyoijua mafundi wa msingi wa nyumba: pima milimita 150 upande mmoja, milimita 200 upande wa pili, na ulalo lazima uwe milimita 250 kamili. Kisha kila breketi inalazwa, mguu unaegemezwa kwenye kipapi, na tunasoma ncha ya mkono iko wapi ukilinganisha na mstari. Tulikubaliana kwamba ncha ikiwa juu ya mstari kati ya milimita 3 na 6 breketi imepita. Nje ya hapo inarudi. Kati ya 24 zilirudi 3.

Breketi iliyofunguka mno inarudishwa kwenye jiliwa vile vile ilivyokuwa na kupigwa tena kwa mbao karibu na kona. Iliyojifunga mno, mguu wake unabanwa tena huku kona ikiwa milimita chache juu ya taya, bomba linavalishwa kwenye mkono na kuvutwa kidogo kwenda juu. Iwe kidogo tena mara moja. Chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa mara kwa mara kinakuwa kigumu na kukosa uvumilivu, kama kila mtoto aliyewahi kukata waya kwa kuuchezesha anavyojua. Breketi iliyokwisha kwenda mbele na nyuma mara mbili tuliiweka pembeni.

Kila kona itazamwe upande wa nje kwenye mwanga. Uso uliokwaruka kidogo au magamba meusi yaliyobanduka si neno. Lakini ukiona mistari myembamba inayokata upana wa chuma, kama udongo wa bwawa uliokauka, huo ni mwanzo wa ufa, na breketi hiyo haiendi ukutani hata kama pembe yake ni nzuri. Mara nyingi utakuta kona ilikuwa kali mno au ukingo haukulainishwa.

Mwisho, kila moja ilazwe kwa ubavu juu ya meza tambarare. Ikiwa inatikisika, mikono haiko kwenye mstari mmoja, na hapo ujue haikusimama wima kwenye jiliwa.

Inabeba kiasi gani

Swali hili kamati huliuliza mwisho, nasi tungependa liulizwe mwanzo. Breketi hii isiyo na mwegamo isipewe zaidi ya kilo 20 zilizoenea juu ya mkono wake. Kwa ofisi za sharika kipimo rahisi ni rimu: rimu moja ya karatasi za A4 za gramu 80 ina uzito wa kilo 2.5, kwa hiyo breketi moja inabeba rimu 8 na si zaidi. Kwenye rafu yenye breketi 3, ile ya kati inabeba kupita za pembeni, basi vitu vizito viwekwe juu ya breketi za pembeni na vile vyepesi katikati. Tulizifunga breketi umbali wa milimita 600 kutoka moja hadi nyingine, na ubao ukabaki na milimita 150 nje kila upande.

Kwa vinyago vya watoto, madaftari machache na makopo ya rangi, hiyo inatosha. Kwa rafu ya vitabu vilivyojaa, au kwa stoo ya zahanati yenye maboksi ya maji ya dripu, usiongeze breketi za aina hii ukidhani wingi utasaidia. Ongeza mwegamo wa mshazari wa flatibaa ile ile, kutoka karibu na ncha ya mkono hadi chini ya mguu. Ncha za mwegamo nazo zinakunjwa kwa jiliwa, ila pembe zake si digrii 90 na haziwi sawa juu na chini. Kwa hiyo mchoro wake uchorwe kwa ukubwa kamili kwenye ubao wa kipimo, na kipande cha kwanza kikilingana na mchoro ndicho kiwe mfano wa vingine.

Rafu za chekechea ziliwekwa tena mwezi uliofuata. Safari hii tulizipokea kwa kulaza kila breketi kwenye ubao wa kipimo mbele ya mwenyekiti na mweka hazina wa kamati kabla hazijapakwa rangi, na ubao huo sasa unatunzwa ofisini kwa mhasibu wa usharika pamoja na kile kijiti cha milimita 217.